Ubeti wa Mke wa Mlinzi

Mke wa mlinzi wa zamu ya usiku akitaka kumshukuru mumewe, ubeti mmoja wa tarbia unamtosha:

Wakesha huko getini, nami nyumbani nalala,
Tochi yako mkononi, chai pasipo chakula,
Urudipo mlangoni, nazima redio, lala,
Asante toka moyoni, mume wangu wa jamala.

Kila mshororo una mizani 16, nane kila kipande. "M" ya "mkononi" huhesabiwa peke yake. Vina ni -ni na -la. Wengi hujaza "ua" na "mpenzi" ili mizani itimie, shairi likapwaya. Hapa shukrani imebebwa na redio: mume amekesha mkewe alale, sasa mke anaizima ili mume naye alale mchana, hata watoto wakinuna.