Jua Kwanza, Betri Kwanza au Gridi Kwanza: Mpangilio wa Inveta Unavyoamua Gharama za Umeme Nyumbani

Kaya inayofunga paneli za sola na inveta ya haibridi hutarajia uniti za LUKU zidumu zaidi. Hata hivyo, si jambo geni mwezi ukaisha na manunuzi ya umeme yakabaki yaleyale, ilhali paneli ni nzima, betri imejaa na fundi hakukosea kuunganisha nyaya. Mara nyingi chanzo ni kimoja: inveta imeachwa katika mpangilio iliotoka nao kiwandani.

Inveta ya haibridi hupokea umeme kutoka sehemu tatu, yaani paneli, betri na gridi ya taifa. Kazi ya mpangilio wa kipaumbele ni kuiambia ianzie wapi. Katika inveta nyingi zinazouzwa madukani nchini, ambazo hufuata muundo wa kampuni ya Voltronic Power ya Taiwan ingawa huuzwa kwa majina tofauti ya kibiashara, mpangilio huo umo katika programu namba 01. Huonekana kwenye kioo kwa herufi USB, SUB au SBU. Herufi hizo hufuata mpangilio wa vyanzo: U ni gridi, S ni jua na B ni betri.

USB, ambao ndio mpangilio wa kiwandani, ni gridi kwanza. Umeme wa TANESCO ukiwapo, vifaa vyote vya nyumbani hutumia huo. Paneli huishia kujaza betri tu, na betri ikishajaa, umeme wa jua hauna pa kwenda. Paneli hukaa juani mchana kutwa bila kutumika. Mpangilio huu hulinda nyumba dhidi ya kukatika kwa umeme, lakini hauokoi fedha.

SUB ni jua kwanza. Katika inveta za matoleo mapya, jua huhudumia vifaa kwanza na lisipotosha, gridi hujazia pengo hilo papo hapo. Betri husubiri umeme ukatike. SBU huenda mbali zaidi: jua lisipotosha, betri ndiyo hujazia, na gridi huitwa pale tu betri inaposhuka hadi kiwango kilichowekwa. Hii ndiyo wengi huiita betri kwanza, ingawa kwa kweli jua bado hutangulia. Katika baadhi ya matoleo ya zamani, mpangilio wa jua kwanza nao huruhusu betri kutumika mchana wakati wa mawingu. Ni vyema kusoma kitabu cha maelekezo cha inveta husika kabla ya kudhani kuwa herufi zina maana ileile kila mahali.

Tofauti ya mipangilio hiyo huonekana vizuri ikiwekwa katika hesabu. Mteja wa kundi la T1 hulipa shilingi 292 kwa uniti. Ikiongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, tozo ya REA ya asilimia 3 na ya EWURA ya asilimia 1, uniti moja hufikia takriban shilingi 356. Tuchukue mfano wa nyumba ya Dodoma inayotumia uniti 9 kwa siku, 4 mchana na 5 usiku. Ina paneli nne za wati 550, ambazo kwa siku ya jua la kawaida zaweza kutoa takriban uniti 8, na betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 na ampia-saa 100, yenye uwezo wa kuhifadhi uniti 5 hivi.

Kwa USB, uniti zote 9 hutoka gridi. Hiyo ni shilingi 3,204 kwa siku, au shilingi 96,120 kwa siku 30. Kwa SUB, uniti 4 za mchana hutoka juani na gridi hubaki na 5 za usiku, sawa na shilingi 53,400 kwa mwezi. Kubadilisha herufi tatu tu kwenye kioo kumepunguza takriban shilingi 42,700, na betri haikuguswa. Kwa SBU, uniti 4 zinazobaki mchana huingia kwenye betri. Baada ya upotevu wa kuchaji na kutoa, usiku hupatikana takriban uniti 3.5. Gridi hudaiwa uniti 1.5 tu, na gharama hushuka hadi shilingi 16,000 hivi kwa mwezi.

Kwa hesabu hiyo SBU ingeonekana bora kwa kila nyumba. Kinachosahaulika ni kwamba betri nayo huchakaa, na kila uniti inayopita ndani yake ina bei yake. Tuseme betri hiyo ya lithiamu imenunuliwa kwa shilingi 3,200,000 na itatumika kwa mizunguko 4,000, kila mzunguko ukitoa uniti 4. Hizo ni uniti 16,000 katika uhai wake wote, yaani shilingi 200 kwa kila uniti. Kwa kuwa uniti ya T1 ni shilingi 356, kila uniti inayotoka betrini usiku inaacha faida ya shilingi 156. Kwa uniti 3.5 kila siku, faida halisi juu ya SUB ni takriban shilingi 16,000 kwa mwezi, si zaidi ya 37,000 kama hesabu ya kwanza ilivyoonesha. Aidha, betri ya lithiamu huzeeka kwa miaka hata ikiachwa bila kutumika, kwa hiyo aliyekwisha kuinunua ana sababu ya kuitumia.

Kwa betri za jeli hali ni kinyume. Betri mbili za volti 12 na ampia-saa 200 zenye thamani ya shilingi 1,200,000 hazipaswi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo hutoa uniti 2.4 kwa mzunguko. Zikidumu mizunguko 600, kila uniti itakuwa imegharimu zaidi ya shilingi 830. Kuziweka katika SBU kila usiku ni kuokoa shilingi 356 kwa kutumia 830, na mwenye nyumba hatambui hadi betri zinapokufa baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Mwenye betri za jeli na umeme wa gridi wa uhakika hubaki na SUB, na betri zake huwa akiba ya dharura.

Hali ni hiyohiyo kwa mteja wa kundi la D1, anayelipa shilingi 100 kwa uniti 75 za mwanzo za mwezi, au takriban shilingi 122 pamoja na kodi na tozo. Kwake hata betri ya lithiamu haishindi bei ya gridi. Isitoshe, inveta ya kilowati 5 yenyewe hula takriban wati 50 ikiwa imewashwa tu, sawa na uniti 1.2 kwa siku, wakati uniti 75 kwa mwezi ni wastani wa 2.5 kwa siku. Katika mfano wa Dodoma matumizi hayo yamo ndani ya uniti 9.

Kosa linalofuata ni gumu zaidi kuligundua. Mtu huchagua SBU katika programu 01, akaiacha programu namba 16, inayoamua betri ichajiwe na nini. Hapo kuna SNU, ambapo jua na gridi huchaji pamoja. CSO, ambapo jua hutangulia na gridi huchaji jua lisipokuwapo. Na OSO, ambapo jua peke yake ndilo huchaji. Maneno "jua hutangulia" huwafanya wengi waamini kuwa CSO ndiyo ya kuokoa fedha. Lakini usiku jua halipo. Betri inapofika kiwango cha chini saa saba usiku, inveta huhamia gridi na papo hapo huanza kuijaza betri kwa umeme wa kulipia. Kunapokucha betri imejaa, na uniti 4 za jua ambazo zingeingia humo mchana zinakosa nafasi. Nyumba ya mfano wetu hujikuta ikinunua zaidi ya uniti 5 kwa siku, yaani kuzidi SUB ya kawaida, huku betri ikichakaa bure.

Katika baadhi ya nchi, kuchaji betri usiku kwa gridi kuna faida kwa sababu umeme wa usiku huuzwa kwa bei ndogo. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani nchini, bei ya saa nane usiku ni ileile ya saa nane mchana, hivyo uniti inayopitishwa betrini hupungua njiani pasipo sababu. Anayetumia SBU kwa lengo la kuokoa fedha huweka OSO.

Kuthibitisha hakuhitaji kifaa. Soma uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU saa kumi na mbili jioni, kabla ya kulala na saa kumi na mbili asubuhi. Ikiwa tangu kulala hadi asubuhi zimepungua 4 au 5 wakati kilichokuwa kikifanya kazi ni jokofu na taa ya nje, gridi inachaji betri. Ikiwa zinapungua mchana wa jua kali, inveta ingali katika USB. Linganisha uniti, si fedha, kwa kuwa kodi ya jengo nayo hukatwa kupitia LUKU na huvuruga hesabu ya shilingi.

Kinachobaki ni kiwango cha kurudi gridi, ambacho ni programu namba 12. Kwa mifumo ya volti 48, kiwanda huweka volti 46. Kiwango hicho ni cha chini mno: kwa betri nne za jeli ni volti 11.5 kwa kila moja, na kwa lithiamu ya volti 51.2 betri huwa imekaribia kuisha kabisa. Pale inveta inapowasiliana na betri ya lithiamu kwa waya wa mawasiliano, programu hiyo huonesha asilimia badala ya volti, na hapo uamuzi huwa rahisi. Katika mfano wetu jua hutoa uniti 3.5 tu za kutumia usiku, sawa na asilimia 70 ya betri. Kuacha akiba ya asilimia 30 badala ya 20 hakugharimu chochote. Kila asilimia 10 zaidi ya hapo ni nusu uniti itakayonunuliwa gridi, takriban shilingi 180 kwa siku, na mwenye nyumba hupima kiasi hicho dhidi ya usumbufu wa giza umeme ukikatika alfajiri.

Wakati wa masika hesabu hubadilika, kwani siku kadhaa za mawingu chini ya OSO huiacha betri katika kiwango cha chini na nyumba bila akiba. Katika kipindi hicho hufaa kurejea SUB na kuruhusu gridi ichaji kwa ampia chache kupitia programu namba 11, kisha kurudisha SBU na OSO anga linapofunguka. Kubadilisha ni kushikilia kitufe cha ENTER kwa sekunde 3, kutafuta namba ya programu kwa mishale na kuthibitisha kwa ENTER. Programu namba 05, ya aina ya betri, na zile za volti za kuchaji ziachwe kwa fundi mwenye leseni ya EWURA, kwa kuwa kosa hapo huharibu betri yenyewe.