Gawio kutoka ng'ambo ya Busia: kodi imekatwa au bado?

BUSIA. Karatasi yenyewe ni fupi. Inamwarifu mwanahisa kwamba mkutano mkuu umeidhinisha gawio la shilingi 12 za Kenya kwa kila hisa, na kwamba fedha zitaingia benki ndani ya wiki mbili. Kuhusu kodi, haisemi lolote.

Kwa mkazi wa Lunyo, upande wa Uganda, mwenye hisa katika kampuni binafsi iliyosajiliwa Kenya, ukimya huo ni wa gharama. Kampuni iliyoorodheshwa katika soko la hisa huwa na msajili anayetuma taarifa yenye safu zote. Kampuni binafsi ya wanahisa wanane au kumi mara nyingi humwachia kazi hiyo karani wa hesabu, naye huandika anavyojua.

Chukua mfano wa mwanahisa mwenye hisa 5,000. Gawio lake kabla ya kodi ni shilingi 60,000. Sheria ya Kenya inaitaka kampuni inayolipa ikate kodi ya zuio kabla fedha hazijamfikia mwenyewe. Mkazi wa Kenya hukatwa asilimia 5, na mgeni asiye mkazi asilimia 15. Lakini raia wa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hata akiwa si mkazi wa Kenya, hukatwa asilimia 5 vilevile.

Basi hesabu ya kwanza inafanyika kwenye taarifa ya benki. Zikiingia 57,000, amekatwa 3,000, ndiyo asilimia 5. Zikiingia 51,000, karani ameona anwani ya Uganda akamhesabu mgeni kama wageni wengine. 6,000 zimekatwa kimakosa. Zikiingia 60,000 kamili, kuna mawili: ama kodi haikukatwa kabisa, ama zile shilingi 12 zilitajwa zikiwa tayari zimeondolewa kodi. Hapo pa pili, gawio halisi ni takriban 63,158, na kampuni ilipaswa kulisema hivyo.

Hata hivyo, kukatwa si kufikishwa. Kampuni ina siku 5 za kazi kupeleka makato kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, na ni baada ya malipo hayo ndipo mfumo wa iTax hutoa hati ya kodi ya zuio. Kwa hiyo mstari ulioandikwa "kodi 3,000" kwenye barua ya kampuni unaonyesha tu kwamba mwanahisa amepunguziwa. Hati ndiyo inayoonyesha kwamba serikali imepokea. Mwenye PIN ya KRA huiona hati hiyo kwenye akaunti yake ya iTax. Asiye na PIN atabaki kuisubiri kutoka kwa kampuni.

Ndiyo maana inafaa kumwandikia katibu wa kampuni kabla ya siku ya malipo, na kuambatisha nakala ya kitambulisho cha taifa cha Uganda. Kosa la asilimia 15 husahihishwa kwa urahisi kabla fedha hazijatumwa KRA. Zikishafika huko, njia iliyobaki ni kuomba kurejeshewa, na safari hiyo ni ndefu.

Halafu kuna Uganda. Mkazi wa Uganda hutozwa kodi kwa mapato yake ya kila mahali, yale ya ng'ambo ya mpaka yakiwamo. Katika ritani ya URA anaandika 60,000 zote, zikibadilishwa kuwa shilingi za Uganda, wala si 57,000 zilizoingia benki. Zile 3,000 huhesabiwa kama kodi iliyokwisha kulipwa nje, na huipunguza kodi ya Uganda inayotokana na mapato hayo, mradi hati ipo. Bila hati, fedha ileile inaweza kutozwa mara mbili.

Nafuu hiyo ina mpaka wake: haiwezi kuzidi kodi ya Uganda kwa mapato hayohayo. Mfanyabiashara anayetozwa asilimia 30 nyumbani ataifidia hata ile 15. Mkulima mwenye mapato madogo yasiyofikia kiwango cha kutozwa hana pa kuifidia. Kwake, 6,000 zilizokatwa zaidi huko Kenya zimepotea, na huyo ndiye kosa la karani linamuumiza zaidi.

Upande wa pili mambo si hayo. Mkenya mwenye hisa katika kampuni binafsi ya Uganda hukatwa asilimia 15, uraia wa Jumuiya usimsaidie. Nchi wanachama zilitia saini mkataba wa kuzuia kodi mara mbili mwaka 2010, lakini haujaanza kutumika kwa sababu si nchi zote zilizouridhia. Kwa sasa, gawio linalovuka Busia kuelekea magharibi hukatwa theluthi moja tu ya kiwango kinachokatwa lile linaloelekea mashariki.