Kisufuria, vikombe viwili na mdoli: Vya kuchezea vinavyomfungua mtoto kinywa

Saa 11 jioni mama anachambua mchicha kizingitini. Binti yake wa miaka 2 na miezi 3 anamfuata na kikombe cha plastiki kisicho na kitu ndani, anakiinua hadi mdomoni mwa mama yake na kusema, “Chai.”

“Hiki ni nini?” mama anauliza. Mtoto kimya. “Rangi gani hii?” Kimya. “Sema ki-ko-mbe.” Mtoto anageuka na kuondoka.

Anakwenda kwa bibi aliyekaa mkekani. Bibi anapokea kikombe, anajifanya kupiga funda, kisha anakunja uso. “Uwii! Chai ya moto!” Mtoto anacheka. “Moto!” anarudia, kisha anapuliza. Bibi anangoja bila kusema kitu. Mtoto anamtazama, anasukuma kikombe na kusema, “Bibi, kunywa.”

Mtoto ni yuleyule na kikombe ni kilekile. Kwa mama alitoa neno moja na mchezo ukafa. Kwa bibi alifika kwenye maneno mawili yaliyounganishwa, tena akiwa na kitendo ndani yake. Mama aligeuza mchezo kuwa mtihani, bibi aliingia ndani ya mchezo.

Kwa nini michezo ya kuigiza

Mtoto anayekunywa chai isiyokuwepo anafanya kazi ileile anayoifanya anaposema neno: anatumia kitu kimoja kusimama badala ya kingine. Sauti “chai” si chai, na kikombe kitupu nacho si chai. Ndiyo maana watafiti wa lugha ya watoto kwa miaka mingi wameona mambo haya mawili yakikua pamoja.

Karibu na mwaka 1 na nusu mtoto hujinywesha mwenyewe kwa kikombe kitupu. Baadaye humnywesha mama au mdoli. Anapokaribia miaka 2 huanza kuunganisha vitendo: anakoroga, anamimina, anampa mdoli. Katika kipindi hichohicho maneno nayo huanza kuungana: “mama kuja”, “chai moto”, “nipe uji”.

Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 3, vifaa vinavyotosha ni vichache: kisufuria chenye mfuniko, mwiko au kijiko, vikombe viwili, kisahani na mdoli mmoja. Vikombe ni viwili kwa sababu kimoja ni cha mtoto na kingine ni cha mtu wa kuongea naye. Kisufuria cha kweli kilichochakaa kinafaa kuliko seti ya dukani ya vipande 30, kwa kuwa mtoto anakijua na amekiona kikipika.

Uchache nao una faida. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwaangalia watoto 36 wa miezi 18 hadi 30 wakicheza, mara moja wakiwa na vya kuchezea 4 na mara nyingine 16. Walipokuwa na 4 walikaa na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi na kukitumia kwa namna nyingi zaidi. Kwa hiyo vingine viwekwe kwenye ndoo, vibadilishwe baada ya wiki moja au mbili.

Mdoli anafundisha vitenzi

Majina ya vitu mtoto huyapata kirahisi: mpira, paka, gari. Kinachokwamisha wengi kuunga sentensi ni vitenzi, na hapo jiko na mdoli hushinda vya kuchezea vingine. Jiko linaleta washa, mimina, koroga, onja, puliza, pakua, na baada yake imeiva, imeungua, imemwagika.

Mdoli analeta kitu cha ziada ambacho Kiswahili kina utajiri nacho. Mtoto mwenyewe anakula, lakini mdoli analishwa. Mtoto analala, mdoli analazwa. Mtoto anakunywa, mdoli ananyweshwa. Anaoga, mdoli anaogeshwa. Bila kufundishwa sarufi yoyote, mtoto anasikia “lala” na “mlaze” ndani ya dakika moja, huku akiyaona maana yake mikononi mwake.

Kuna jambo jingine mzazi anapaswa kulijua. Kipimo cha “maneno mawili kwa miaka 2” kinachosambaa kwenye simu kimetoka kwa watoto wa lugha ambazo sentensi hujengwa kwa maneno yaliyotengana. Kwa Kiswahili, “imemwagika” ni sentensi kamili ndani ya neno moja. Mtafiti Kamil Deen, aliyechunguza mazungumzo ya watoto wadogo wa Nairobi, alionyesha kuwa mwanzoni watoto hudondosha viambishi vya mbele, vile vinavyosema nani ametenda na lini. Mtoto anasema “lala” akimaanisha “amelala”.

Hiyo ni hatua ya kawaida. Kazi ya mzazi si kumkosoa, ni kumrudishia neno likiwa kamili: “Ndiyo, amelala.” Mtoto anayeanza kusema “melala”, kisha “amelala”, amepiga hatua kubwa hata kama bado hajaongeza neno la pili.

Dakika 10 mkekani

Mzazi akae chini, uso kwa uso na mtoto, televisheni ikiwa imezimwa. Vifaa viwekwe katikati na mtoto aachwe aanze. Akigonga mfuniko, mzazi naye agonge. Akipika, mzazi asubiri chakula.

Kisha afanye mambo matatu. La kwanza ni kusema kinachotokea badala ya kuuliza: “Unakoroga. Unakoroga uji.” La pili ni kuongeza kidogo juu ya alichosema mtoto. Akisema “uji”, mzazi aseme “uji moto”. Akisema “uji moto”, mzazi aseme “uji ni wa moto, puliza”. Nyongeza iwe ya neno moja au mawili. Hotuba ndefu humpita. La tatu, ambalo ni gumu kuliko yote, ni kunyamaza. Baada ya kusema, mzazi amtazame mtoto na kuhesabu moyoni hadi 5 au hata 10. Watoto wa umri huu huhitaji muda wa kutafuta neno, na wakubwa wengi hulisema wao kabla mtoto hajafungua mdomo.

Chukua mfano wa mtoto anayesema neno mojamoja. Wiki ya kwanza mchezo uwe mmoja tu, kumimina chai na kunywa, kwa maneno yaleyale kila siku. Kurudia hakumchoshi mtoto. Kunampa nafasi ya kujua nini kinafuata. Wiki ya pili mdoli aletwe: “Mtoto ana kiu. Mnyweshe.” Wiki ya tatu yaletwe matatizo. Mzazi atoe kikombe kwa mtoto bila kumimina chai, kisha anyamaze. Au ampindue mdoli na kusema, “Lo! Imemwagika!” Tatizo humpa mtoto sababu ya kusema, kwa kuwa sasa kuna jambo la kuomba, kukataa au kurekebisha.

Wiki ya nne kifaa kimoja kibadilishwe. Kijiko kifichwe na badala yake kitolewe kijiti, au kizibo cha chupa kubwa kiwe kikombe. Akikataa, arudishiwe kijiko. Watoto wengi wa miaka 2 bado wanahitaji kitu kinachofanana na chenyewe, na uwezo wa kukubali kuwa jiwe ni kiazi na majani ni mchicha huimarika kadiri wanavyokaribia 3. Hiyo ndiyo michezo ya baba na mama ambayo watoto wakubwa huicheza uani kwa vifuu na mchanga.

Vinavyoharibu mchezo

Kosa linaloonekana zaidi ni maswali ya kupima: hii nini, rangi gani, ziko ngapi. Dalili yake ni mtoto kugeuza uso au kuondoka. Lingine ni kusahihisha matamshi. Mtoto akisema “fulia” kwa sufuria, ajibiwe “ndiyo, sufuria” na mchezo uendelee.

La tatu ni vya kuchezea vya betri vinavyoimba na kutaja majina ya vitu. Mwaka 2016 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, JAMA Pediatrics, lilichapisha utafiti wa Anna Sosa uliorekodi wazazi 26 wakicheza na watoto wao wa miezi 10 hadi 16. Wakiwa na vya kielektroniki, wazazi walisema wastani wa maneno 40 hivi kwa dakika. Wakiwa na vya kawaida walisema 56, na wakiwa na vitabu 67. Watoto hao walikuwa wadogo kuliko wanaozungumziwa hapa, lakini sababu inaeleweka: kifaa kinapoongea, mzazi hunyamaza, na kifaa hakisubiri jibu.

Usalama nao uangaliwe. Kitu chochote kinachopita ndani ya kile kibomba cha karatasi ngumu kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Maharage na karanga huishia puani, na betri bapa zikimezwa ni hatari kwa maisha.

Wakati wa kwenda kliniki

Mchezo hukuza usemi wa mtoto anayesikia, lakini hautibu masikio. Mtoto asiyegeuka akiitwa kwa nyuma, mwenye masikio yanayotoa usaha mara kwa mara, au anayeongeza sauti ya televisheni kila mara, apimwe usikivu kwanza.

Afikishwe kwa wataalamu pia mtoto aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza, wa umri wowote. Vivyo hivyo mtoto wa miaka 2 na nusu ambaye hajaunganisha maneno mawili wala kusema kitenzi chenye viambishi vyake, au ambaye hajifanyi kulisha mdoli wala kupika. Kusubiri kwa kuwa “hata baba yake alichelewa kusema” ni kupoteza miezi ambayo angekuwa ameshaanza kusaidiwa.

Kwa wengine, maendeleo yaandikwe. Kila Jumapili mzazi aandike kwenye simu vitenzi vipya alivyovisikia wiki hiyo, jinsi mtoto alivyovitamka, na idadi ya vitendo alivyounganisha katika mchezo. Baada ya mwezi orodha itaonyesha kama mambo yanasogea. Siku ambayo mdoli mwenyewe ataanza kusema, kwa sauti nyembamba ya mtoto, “Sitaki uji,” mzazi ajue kuwa mwanawe sasa anazungumza kwa niaba ya watu wawili.