“Mungu akipenda” si ndiyo wala hapana

Mnajua jinsi tunavyojibu hapa Kibombo mtu akitualika. “Nitaona.” “Nitajaribu.” “Mungu akipenda.” Maneno hayo ni ya heshima, na sisi wenyewe tunayatumia. Lakini safari hii yalitupa kazi, kwa sababu mkutano tuliotayarisha haukuwa wa kula na kucheza tu. Ilikuwa siku ya kuandikisha watoto wachanga. Tuliipanga Jumamosi tarehe 7 Machi, kesho yake ikiwa sikukuu ya wanawake.

Kwa mtoto mchanga siku zinahesabiwa. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, inawapa wazazi siku 90 tangu mtoto kuzaliwa ili wamtangaze kwa mwandikishaji wa serikali. Zikipita, mtoto hapotezi haki yake, lakini inabidi kwanza kupata hukumu ya korti, na njia hiyo ni ndefu na ina gharama. Kwa hiyo mama mwenye mtoto wa siku 85 akisema “nitaona”, siku tano tu ndizo zimebaki za kuona.

Tulialika wamama 34. Waliosema ndiyo walikuwa 15, waliosema hapana 5. Waliobaki, 14, walitupa ile “Mungu akipenda”. Mwandikishaji alikubali kuanza saa mbili asubuhi na kuondoka saa tisa mchana, yaani saa saba za kazi. Kila mtoto anaandikwa kwa mkono, na kwa mazoea yetu mmoja anachukua karibu robo saa. Watoto 15 wanamaliza chini ya saa nne. Lakini wale 14 wote wakija, tunakuwa na 29, na hesabu inapita saa saba. Hapo kungekuwa na mama aliyeketi tangu asubuhi akinyonyesha, kisha anaambiwa arudi nyumbani. Tulihitaji kujua.

Mwaka uliopita tulikosea. Tulimtuma mama prezida wetu kupita nyumba kwa nyumba akiuliza, “Utakuja?” Wote walisema ndiyo. Nani atamwambia mama mwenye mvi hapana mlangoni pake? Siku ilipofika, nusu hawakuonekana, na sombe tuliyopika ilibaki katika sufuria. (Watoto wa jirani walifurahi, hilo tunalikubali.)

Safari hii tulibadilisha mambo mawili. Kwanza, anayeuliza awe mtu wa rika lake, jirani au dada waliyejifungua naye wakati mmoja. Na amuulize akiwa peke yake. Mbele ya mama mkwe, au kisimani watu wakisikiliza, mama hawezi kusema kwamba hana pesa au kwamba baba wa mtoto amekataa. Atasema “nitaona”, na hapo tunarudi tulipoanzia.

Pili, tuliacha kuuliza “Utakuja?” Swali hilo linazaa jibu lile lile. Tuliuliza, “Ni kitu gani bado hujakijua?” Mama akijibu hilo, ile labda inapata jina, na kitu chenye jina mtu anaweza kukishughulikia. Katika kaye yetu tuliandika maneno ya kila mama kama alivyoyasema. Tusipofanya hivyo, tunaanza kuandika yale tunayoyatamani.

Wanne walikuwa wakimngoja mume aliye safarini, wengine Kindu, wengine mtoni. Hao tuliwaeleza kwamba sheria inamruhusu baba au mama kumtangaza mtoto. Watatu kati yao wakasema ndiyo pale pale. Wa nne alisema hawezi bila mume kujua, basi tulimuuliza lini mume atapigiwa simu. Alisema Jumanne. Tukaandika Jumanne, tukamwacha.

Watatu walikuwa na kazi ya shamba mbali. Wawili kati yao walikuwa na watoto wa mwezi mmoja tu, na walisema wazi kwamba wataenda wenyewe ofisini baadaye. Hiyo ni hapana nzuri kabisa, na tuliipokea kwa shukrani. Wa tatu alisema angekuja kama angeandikwa wa kwanza, arudi shambani mapema. Tulimpa namba moja.

Wawili hawakuwa na karatasi ya maternite inayoonyesha siku ya kuzaliwa. Mmoja alikuwa ameisahau kwa dada yake, wa pili hakuwa ameichukua kwa sababu ya deni. Hao ndio wangepotea kama tungewauliza mlangoni mara moja tu, maana mtu haitangazi aibu ya deni. Wa kwanza aliipata siku ile ile. Wa pili alikwenda na mmoja wetu, akakubaliwa kulipa kidogo kidogo.

Wawili walikuwa hawajui kama inafaa kuja bila nguo mpya ya sikukuu. Tulisema njooni na mlivyo. Mmoja akakubali. Mwingine akasema hapana.

Watatu wa mwisho walitaka kukataa lakini walituonea haya. Unawatambua hivi: kila kizuizi ukikiondoa, kinatokea kingine. Kwa hao ni lazima kufungua mlango wa hapana wewe mwenyewe. Tuliwaambia, “Ukisema hapana hakuna atakayekasirika, tutampa mama mwingine nafasi yako.” Mmoja alipumua, akasema hapana. Wawili walinyamaza.

Kwa yeyote aliyekuwa bado, tuliweka mwisho: Jumatano jioni, siku tatu kabla. Tulisema pia maana ya kimya: tusipokusikia, tunaandika hapana. Asiye na pesa ya simu abipu mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Utaratibu huo una kasoro, tuseme ukweli. Mtandao ulikatika, na bipu moja ya mama wa Jumanne kumbe ilikuwa ya pili. Tulimpigia sisi, tukasikia hapana ya mume na yake pia. Tangu hapo kila bipu tunaihakikisha.

Hatukumfuata mtu zaidi ya mara mbili. Mara ya tatu anakupa ndiyo ya kukufukuza, na hiyo ni mbaya kuliko labda. Tumejifunza kuitambua: anayekuja kweli anauliza saa ngapi, alete nini, atakaa wapi na mtoto. Ndiyo isiyouliza chochote tunaiwekea alama ndogo ya penseli.

Jumatano usiku tulihesabu. Ndiyo mpya zilikuwa 7, hapana 5, na wawili wa kimya tuliwaandika hapana. Pamoja na wale 15, tulikuwa na 22, yaani saa tano na nusu za kazi. Ilibaki saa moja na nusu kwa atakayetokea bila kusema. Alhamisi asubuhi tulipeleka orodha kwa mwandikishaji, na mchele tulinunua kwa hesabu hiyo.

Jumamosi walikuja 20. Wawili waliokosa ni wale wale wa alama ya penseli. Saa sita hivi alitokea mmoja wa wale wa kimya, jasho usoni, mtoto mgongoni. Mtoto alizaliwa tarehe 12 Desemba, kwa hiyo siku zake 90 zilikuwa zinaisha Alhamisi inayofuata. Mama sekretere alifungua kaye, akafuta hapana, akamwonyesha benchi.