Shimo la Asilimia 25 Halifukiwi kwa Asilimia 25

Shilingi milioni moja ikipungua kwa asilimia 25, inabaki 750,000. Ikiongezeka tena kwa asilimia hiyohiyo 25, wengi wetu tutasema mwenye fedha amerudi alipokuwa. Hajarudi. Robo ya 750,000 ni 187,500, kwa hiyo sasa ana 937,500, na bado kuna pengo la 62,500. Hasara ilikatwa kwenye fungu kubwa, faida ikahesabiwa kwenye fungu dogo lililobaki. Ili afike milioni yake alihitaji faida ya asilimia 33.3.

Hesabu hii ndogo ndiyo msingi wa kipimo ambacho kila anayeweka akiba kwenye hisa au vipande vya mfuko wa uwekezaji angepaswa kukiuliza kabla hajatoa hata shilingi moja. Nitakiita anguko kuu. Ni upungufu mkubwa kuliko wote ambao mfuko umewahi kuupata, kutoka kilele chake hadi kiwango cha chini kabisa kilichofuata kabla ya kilele kingine kufikiwa. Kinajibu swali ambalo wastani wa faida haulijibu: aliyeingia siku mbaya kuliko zote angepoteza kiasi gani?

Tuchukue mfuko wa kubuni na mwaka wake mmoja. Umeanza na 1,000,000. Januari umepanda kwa asilimia 5, Februari 4, Machi umeshuka kwa 10, Aprili umepanda kwa 6, Mei umeshuka kwa 15 na Juni kwa 8. Kisha mambo yakatengemaa: Julai umepanda kwa 3, Agosti 9, Septemba 6, Oktoba umeshuka kwa 4, Novemba umepanda kwa 7 na Desemba kwa 5.

Mtu mwenye haraka atajumlisha asilimia hizo na kupata faida ya 8. Ni kosa, kwa sababu kila asilimia inahesabiwa juu ya kiasi kilichoachwa na mwezi uliotangulia. Lazima tuzidishe, mwezi baada ya mwezi. Mwisho wa Februari fedha ni 1,092,000. Machi zinashuka hadi 982,800, Aprili zinapanda hadi 1,041,768, Mei zinabaki 885,503 na Juni 814,663. Kutoka hapo zinapanda kwa kusuasua hadi Desemba, zinapofika 1,045,663.

Sasa tutafute kilele. Wengi hukwama Aprili. Mfuko ulipanda mwezi ule, basi huichukulia Aprili kuwa kilele kipya na kupima hasara kuanzia hapo, wakapata asilimia 21.8. Lakini 1,041,768 ni ndogo kuliko 1,092,000 ya Februari. Ule ulikuwa unafuu wa njiani tu, na kilele kinabaki cha Februari mpaka kivukwe. Kutoka 1,092,000 hadi 814,663 ya Juni ni upungufu wa 277,337, yaani asilimia 25.4 ya kilele. Hilo ndilo anguko kuu la mwaka ule.

Faida ya kulifidia inapatikana kwa kugawanya upungufu huo kwa kile kilichobaki: 277,337 kwa 814,663, sawa na asilimia 34. Kwa mfuko unaopata asilimia 1 kila mwezi bila kukosa, hiyo ni miezi 30.

Mwisho wa mwaka, msimamizi wa mfuko huu ana haki kabisa ya kutangaza faida ya asilimia 4.6. Ni kweli tupu kwa aliyeingia Januari mosi. Aliyenunua vipande mwisho wa Februari, wakati habari za faida zimesambaa na kila mtu anakimbilia, bado ana hasara ya asilimia 4.2 siku ya Desemba 31. Mfuko ni mmoja na mwaka ni mmoja. Hapa ndipo ninaposhikwa na uchungu, kwa sababu watu wa kawaida mara nyingi huingia baada ya bei kupanda, si kabla.

Mwenye kompyuta anaweza kufanya hesabu hii kwa dakika chache. Andika 1000000 kwenye C2, na asilimia za miezi 12 kwenye safu ya B kuanzia B3. Safu ya C ni fedha, D ni kilele hadi mwezi huo, E ni umbali kutoka kileleni:

```
C3:  =C2*(1+B3)
D3:  =MAX(C$2:C3)
E3:  =C3/D3-1
```

Zishushe hadi mstari wa 14, kisha malizia:

```
E15: =MIN(E3:E14)
E16: =1/(1+E15)-1
```

E15 ni anguko kuu, E16 ni faida inayohitajika. Alama ya C$2 ina kazi yake: fedha za kuanzia nazo zinahesabiwa kama kilele. Ukiziacha nje, mfuko ulioanza kwa hasara mwezi wa kwanza utaonekana haukuanguka.

Mpangilio wa miezi nao una uzito. Ihamishe ile asilimia 6 ya Aprili iwe baada ya Juni, ili miezi mitatu ya hasara ifuatane. Fedha za Desemba hazibadiliki hata senti, lakini anguko kuu linakuwa asilimia 29.6 na faida ya kulifidia inapanda hadi 42. Wastani wa mwaka hauwezi kukuonyesha tofauti hiyo.

Kipimo hiki kina upofu wake. Takwimu za mwisho wa mwezi hazioni yaliyotokea katikati. Kielelezo cha S&P 500 cha Marekani, kwa bei za mwisho wa mwezi, kilishuka kutoka 1,549 Oktoba 2007 hadi 735 Februari 2009, anguko la asilimia 52.6. Kwa bei za kila siku kilele kilikuwa 1,565 na chini kabisa 676, Machi 9, 2009: asilimia 56.8. Tofauti ni pointi nne tu, lakini faida ya kufidia inaruka kutoka asilimia 111 hadi 131, kwa kuwa kadiri shimo linavyozidi kina ndivyo kila pointi ya ziada inavyokuwa ghali zaidi. Ukipoteza 50 unahitaji 100. Ukipoteza 80 unahitaji 400.

Kielelezo cha Dow Jones kilipoteza asilimia 89 kati ya Septemba 1929 na Julai 1932, kikahitaji takriban 825. Kwa bei tupu kilirudi Novemba 1954, ingawa aliyekuwa akiyarudisha magawio yake kwenye hisa alifika mapema zaidi. Nikkei ya Japani ilifunga kileleni Desemba 1989 na haikukivuka kilele hicho hadi Februari 2024.

Kwa hiyo ukiletewa karatasi yenye faida ya mwaka mmoja, omba orodha ya mapato ya kila mwezi tangu mfuko uanze, gawio likiwemo na ada zikiwa zimetolewa. Ukinyimwa, usiweke fedha zako hapo. Ukipewa, tafuta anguko kuu, lizidishe na fedha unazotaka kuweka, kisha jiulize kama ungeweza kuishi bila kiasi hicho kwa miaka kadhaa bila kulazimika kuuza.