Fomu ya Madai ya Gharama (2): Siku Zinaanza Kuhesabiwa Lini?

Wiki iliyopita makala haya yalitofautisha masurufu, ambayo mtumishi hupewa kabla ya safari, na madai, ambayo huyaleta baada ya kutumia fedha zake mwenyewe. Leo zamu ni ya fomu yenyewe.

Chukulia afisa mradi wa shirika dogo la Dodoma aliyekwenda Kondoa kuendesha semina, akalala huko siku mbili. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 24,000, nyumba ya wageni 70,000, karatasi na kalamu za semina 18,000, bodaboda 8,000. Jumla 120,000, zote zimetoka mfukoni mwake. Akirudi anapewa fomu iliyorudufiwa mpaka mistari imefifia, yenye nafasi ya "Maelezo", ya "Kiasi", ya "Tarehe" na ya "Imeidhinishwa". Anaandika "Gharama za safari, 120,000", anabana risiti kwenye kona na kuiacha mezani kwa mhasibu.

Tarehe ipi? Ya safari, ya kujaza fomu, au ya kuipokea? Mwezi ukipita bila malipo, kila mmoja atahesabu siku kuanzia pale panapomfaa.

Fomu mpya ianze na risiti, kwa kuwa hapo ndipo madai mengi hukwama. Kila gharama ipewe mstari wake na namba, na namba hiyo hiyo iandikwe kwa kalamu kwenye risiti. Risiti namba 2 ni ya nyumba ya wageni, mhasibu haitafuti. Risiti hizo zibandikwe kwenye karatasi ya A4 na kupigwa picha siku hiyo hiyo, maana zile za mashine huchapwa kwenye karatasi inayoandikwa kwa joto. Ikiachwa juani ndani ya gari huwa nyeusi, na gundi ya selotepu ikipita juu ya maandishi huweza kuyafuta. Mkaguzi akija mwakani atakuta kipande cheupe.

Chini ya safu ya risiti fomu iseme wazi kinachokubalika. Ujumbe wa malipo ya simu unaonyesha kwamba fedha zilitumwa, lakini hauonyeshi kilichonunuliwa. Ankara inaonyesha kilichonunuliwa, ila si lazima iwe imelipwa. Risiti ya mashine za EFD, zilizoanza kutumika Tanzania mwaka 2010, inabeba yote mawili. Kenya, tangu Januari 1, 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi katika kukokotoa kodi, isipokuwa zile zilizosamehewa. Kwa hiyo fomu iwe na kipande cha kukata chenye jina la mwajiri na namba yake ya mlipakodi, mtumishi akitie kwenye pochi na kukionyesha kabla hajalipa, ili risiti au ankara itoke kwa jina hilo. Kuomba risiti ibadilishwe baada ya kurudi Dodoma ni kazi bure.

Na bodaboda? Hatoi risiti, na kumlazimisha mtumishi aitafute ni kumfundisha kughushi. Mstari huo uwe na nafasi ya kuandika alikotoka, alikokwenda na sababu, pamoja na kiwango cha juu kwa siku kilichochapwa papo hapo.

Upande wa idhini, neno "Imeidhinishwa" peke yake halimbani mtu. Liwekwe badala yake tamko mahususi kwa kila saini. Msimamizi athibitishe kwamba safari ilifanyika na ilikuwa ya kazi. Mhasibu athibitishe kwamba risiti zinalingana na mistari na jumla ni sahihi. Mkurugenzi aruhusu malipo, na asisaini dai lake mwenyewe. Msimamizi asipokuwepo, fomu itaje cheo cha anayemkaimu, la sivyo likizo yake inageuka likizo ya malipo.

Muda ndio kiini. Siku zihesabiwe kuanzia tarehe moja tu, ile ambayo mhasibu anagonga muhuri wa "Limepokelewa kamili". Fomu ichape ahadi kwa maneno haya: dai lililopokelewa kamili kabla ya saa 10 jioni Jumatano litalipwa Ijumaa ya wiki inayofuata. Dai la afisa wetu likigongwa muhuri Jumanne tarehe 4, mhasibu anaandika "Kulipwa: Ijumaa tarehe 14" kwenye kipande cha chini na kumkatia. Likiwa na upungufu, lirudishwe ndani ya siku mbili za kazi likiwa na namba ya mstari wenye kasoro, tena kasoro zote kwa mkupuo mmoja. Kumrudisha mtu leo kwa risiti na kesho kwa saini ni adha isiyo na sababu.

Ahadi hiyo ina mpaka wake: shirika linalosubiri fedha za mfadhili haliwezi kulipa Ijumaa akaunti ikiwa tupu. Basi tarehe hiyo isichapwe kabla mhasibu hajaikubali. Kabla ya kupeleka fomu mpya kwa mpiga chapa, mhasibu achukue madai 10 ya mwisho yaliyorudishwa na kuandika kila moja lilirudishwa kwa nini. Nafasi zinazokosekana kwenye fomu ataziona humo.