Ukishinda Kura Dubai, Upige au Urushe?

Novemba 14, 2021, fainali ya Kombe la Dunia la kriketi ya ova 20 ilichezwa Dubai, usiku. Nahodha wa Australia, Aaron Finch, alishinda kura ya sarafu akaamua timu yake irushe kwanza. New Zealand hawakupiga vibaya hata kidogo: Kane Williamson peke yake alipata mikimbio 85 kwa mipira 48, na timu ikafikisha 172. Australia wakaipita idadi hiyo wakiwa wametolewa wapigaji wawili tu, na mipira saba ikiwa imebaki.

Uamuzi wa Finch hauhitaji kipaji cha utabiri. Unahitaji kujua kiwango cha uwanja, yaani idadi ya mikimbio ambayo timu iliyopiga kwanza ikiifikisha, nafasi yake ya kushinda huwa nusu kwa nusu. Watu wengi hukichanganya na wastani, na hapo ndipo hesabu inapoharibika.

Tuangalie Dubai yenyewe. Kabla ya fainali, uwanja huo ulikuwa umeshachezewa mechi 12 za mashindano hayo. Ukijumlisha mikimbio ya waliopiga kwanza na kugawa, unapata kama 127. Nahodha anayesoma namba hiyo peke yake angesema 172 ni mlima. Lakini ndani ya wastani huo mna West Indies waliotolewa wote kwa 55 dhidi ya Uingereza, Bangladesh kwa 73 na Scotland kwa 85. Siku tatu mbaya za wapigaji zimeushusha wastani wote, wala hazielezi lolote kuhusu uwanja. Ukizipanga alama kuanzia ndogo hadi kubwa ukachukua ya katikati, unapata kama 137, na hiyo ina ukweli zaidi.

Bado haitoshi, kwa sababu inakuambia timu hupata ngapi, haikuambii ngapi zinatosha. Kwa hiyo pitia alama moja moja na uulize nani alishinda. India walipata 151. Pakistan wakazifikia bila mpigaji hata mmoja kutolewa. Sri Lanka walipata 154 wakapoteza. Katika nusu fainali Pakistan walipata 176, tena nyingi kabisa, na Australia wakawapita ikiwa imebaki ova nzima. Kati ya mechi 12, waliopiga kwanza walishinda moja tu. Usiku, basi, kiwango cha Dubai kilikuwa juu ya 170, wakati timu za kawaida zilikuwa zikipata 140 na ushei. Pengo hilo ndilo jibu la kura: kama idadi inayotosha ni kubwa kuliko ile ambayo timu yako inaweza kuitegemea, mwachie mwenzako apige kwanza.

Na ile mechi moja? New Zealand waliwafunga Scotland kwa mikimbio 16, nao walikuwa wamepata 172, ile ile ya fainali. Ila siku hiyo walicheza mchana. Usiku wa Dubai hushuka umande. Mpira ukilowa, mrushaji wa mzunguko haushiki sawasawa, haukati kona, unateleza na kumjia mpigaji moja kwa moja. Ndiyo maana mechi za mchana na za usiku haziwekwi kapu moja, hata kama nyasi ni zile zile.

Mtego mwingine ni kulinganisha wastani wa waliopiga kwanza na wa waliopiga baadaye. Anayefukuza husimama akishavuka lengo. Akihitaji 126 hapati 160 hata kama angeziweza. Wastani wake unaweza kuonekana mdogo kuliko uwezo wake, na wasiojua hudhani uwanja huharibika baadaye.

Mechi 12 ni chache, na hapo nahodha inabidi atumie macho. Akiona mwisho wa mazoezi ya jioni nyasi zinang'aa, na warushaji wanafuta mpira kwa taulo kila baada ya mrusho, basi namba za usiku zina nguvu. Akiona pamekauka, azipunguzie uzito.

Septemba 11, 2022, fainali ya Kombe la Asia, Dubai tena, usiku tena, nahodha wa Pakistan Babar Azam alishinda kura na kuchagua kurusha, kama desturi ilivyokwishakuwa. Sri Lanka waliporomoka hadi 58 huku watano wakiwa wametolewa, kisha Bhanuka Rajapaksa akawafikisha 170. Kwa hesabu ya mwaka uliotangulia, hazikutosha. Lakini Wanindu Hasaranga, mrushaji wa mzunguko, aliwatoa Wapakistani watatu katika ova ya 17 peke yake, mpira ukimtii mkononi, na Sri Lanka wakashinda kwa mikimbio 23.